Kinyoya cha Katikati

Fundi wa miwani hakuwa mtu wa kubahatisha. Kila lenzi iliyotoka kwenye jiwe lake la kunolea aliipima mara tatu, akaifuta kwa kitambaa laini, akaiinua kwenye taa na kuitazama kwa jicho moja huku jingine limefumbwa. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye kiti kile kile nyuma ya duka, mgongo umepinda kidogo, vidole vimeota sugu kwenye ncha. Wateja walimpenda kwa sababu hakuwaharakisha. Walimwita Fundi tu, hata wale waliomfahamu tangu utotoni, naye akalizoea jina hilo kama mtu anavyozoea viatu.

Siku mbili katika wiki hazikuwa za duka. Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi alikuwa ukumbini, ghala la zamani lililochorwa viwanja viwili vya mpira wa vinyoya, yaani badminton, na madirisha yake hayafunguliwi hata joto lizidi vipi, kwa kuwa upepo kidogo tu hukipeleka kinyoya kwa jirani. Huko alicheza wawili wawili na wifi yake, mke wa kaka yake, mwalimu wa hesabu mwenye mdomo mkali na miguu mepesi. Walikuwa wamecheza pamoja miaka kumi na mmoja. Watu walizoea kusema wale mawifi wawili ndio pekee duniani wasiogombana jikoni, maana ugomvi wao wote wanaumalizia uwanjani.

Lakini Jumamosi hii walikuja wakiwa kimya. Timu ya ukumbi ilikuwa na nafasi za jozi nne kwenye ligi, na tatu zilishajazwa. Ya nne ingeamuliwa asubuhi ile, kwa mchezo mmoja, kati yao na manesi wawili vijana wa wodi moja. Kocha, mzee aliyestaafu kazi ya kugawa barua, alikuwa amesema mambo bila kuzungusha. Wakishinda, nafasi ni yao. Wakishindwa, wifi atatafutiwa mwenzake mwingine, kwa kuwa bado ana kasi, na Fundi ataingia kwenye akiba.

"Akiba maana yake nini?" Fundi aliuliza siku lilipotangazwa.

"Maana yake unakuja, unakaa, unahesabu pointi za wenzako," Kocha alimjibu. "Sikufichi."

Hakulala vizuri tangu hapo. Duka lilikuwa la kumlisha, nyumba ilikuwa ya watoto, ila uwanja ule ulikuwa wake peke yake, na alijua mtu akishaingia akiba katika umri wake hatoki.

Chanzo cha yote kilikuwa miezi minane nyuma. Katika mchezo wa kawaida tu, wifi alikiinua kinyoya juu ili wapate nafasi ya kujipanga, lakini mkono ukamteleza na kinyoya kikaenda kifupi, kikaning'inia katikati ya uwanja wa wapinzani kama embe lililoiva. Fundi alikuwa bado anarudi nyuma, hajafika popote, uso umeinuka. Mpinzani akakipiga chini kwa nguvu zake zote. Kilimpata jichoni. Siku nne alikaa na jicho limefunikwa, na daktari akamwambia amebahatika. Baada ya hapo alijitengenezea miwani ya kuchezea, lenzi nene zisizovunjika, akazipima mara tano badala ya tatu. Jicho lilipona. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Fundi alikuwa ameumwa akiwa anarudi nyuma. Kwa hiyo akaamua, bila kumwambia mtu, kwamba hatarudi nyuma tena.

Akahamia wavuni. Wapinzani wakiinua, wifi akiwa nyuma anapiga chini na Fundi akiwa mbele anadaka kila kinachorudi kidhaifu: hapo walikuwa hatari kuliko jozi yoyote, kwa kuwa mbele na nyuma ndio mpango wa anayeshambulia. Tatizo lilikuwa pale wao wenyewe walipolazimika kuinua. Ukikiinua kinyoya umempa mpinzani nafasi ya kukupiga, na hapo wawili hawana budi kusimama sambamba, mmoja kulia na mwingine kushoto, kila mtu na nusu yake. Fundi hakwenda sambamba. Alibaki wavuni amechuchumaa, raketi mbele ya uso, na wifi akakimbia nyuma yake kulia na kushoto kama kuku anayetafuta mlango. Wifi hakulalamika hata mara moja. Lile pigo fupi lilikuwa lake, na hakuwa amelisahau.

Manesi waliwaamkia kwa adabu. "Shikamooni, mama zetu."

"Marahaba," wifi akajibu. "Leo mtatupiga sindano ngapi?"

"Moja tu, mama," alisema nesi mrefu akicheka. "Haitauma."

Iliuma. Seti ya kwanza ilikwenda upesi mno. Manesi walikuwa wamewasoma, na walichokifanya kilikuwa rahisi: walidondosha kinyoya karibu na wavu au walikisukuma pembeni mpaka wifi au Fundi alazimike kuinua, kisha nesi mrefu anaruka na kupiga kule ambako hapakuwa na mtu. Upande wa kulia, wifi akaufikia. Upande wa kushoto, wifi akachelewa. Kulia tena. Kwenye pointi ya kumi na sita wifi aliteleza akaanguka kwa goti, akainuka, akafuta jasho kwa kiwiko na kusema, "Hii sakafu imenipenda." Hakuna aliyecheka. Ishirini na moja kwa kumi na nne.

Kocha aliwasubiri kwenye benchi na daftari lake dogo. Walikuwa na dakika mbili. Hakuwaketisha.

"Mmepoteza pointi ishirini na moja," alisema. "Kumi na tatu kati ya hizo zimekuja baada ya ninyi wenyewe kuinua. Zote kumi na tatu, Fundi, ulikuwa wavuni."

"Mimi ni mtu wa mbele, Kocha."

"Hakuna mtu wa mbele. Kuna kinyoya. Kikipanda kwao, maana yake wameinua na ninyi mnapiga, mmoja mbele mmoja nyuma. Kikipanda kwa mkono wenu, mnaachana, sambamba. Hujiulizi wewe ni nani. Unajiuliza nani anapiga chini."

Wifi aliingilia. "Mimi namfunika, Kocha. Tumezoea hivyo."

"Naona unavyomfunika," Kocha alisema. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe."

Fundi alikuwa anafuta miwani yake. Lenzi moja aliirudia mara ya nne. Kocha akashusha sauti.

"Ni jicho?"

Fundi akaifuta tena lenzi ile ile. Kocha akachukua kinyoya kwenye benchi, akakiweka kiganjani mwa Fundi. "Kipime. Kina uzito gani? Hakifiki hata uzito wa kalamu. Kikitoka kwenye raketi kinakwenda kama risasi, lakini manyoya yanakishika hewani, kinachoka njiani. Ukikaa wavuni wakati mwenzio ameinua, umejiweka kwenye mdomo wa bunduki. Ukirudi hatua tatu, kinakukuta kimepungua nguvu na wewe umekwisha kukiona. Siku ile hukuumia kwa sababu ulirudi. Uliumia kwa sababu ulikuwa hujafika."

Mwamuzi akawaita. Fundi akavaa miwani.

Mtu haachi woga kama anavyovua koti. Kwenye pointi tatu za mwanzo za seti ya pili alibaki pale pale. Ya nne, wifi alikiinua kutoka kona ya nyuma, na Fundi akakiona kikipita juu ya kichwa chake kwenda kwa manesi. Akarudi. Hatua moja, mbili, tatu, akasimama upande usio na wifi, magoti yamekunjwa, raketi mbele ya kitovu. Nesi mrefu alikuwa ameshapiga, kwa mazoea, kwenye ile nafasi tupu. Haikuwa tupu. Kinyoya kikamgonga Fundi chini ya bega kabla hajainua mkono.

Wifi akaacha raketi ianguke na kumkimbilia.

"Umeumia?"

Fundi alijishika pale palipogongwa. Palichoma, kama kofi la mtoto, halafu pakaacha kuchoma. Alisimama akisubiri kitu kibaya zaidi, na hakikuja.

"Hapana," alisema, kama mtu aliyeambiwa habari asiyoiamini. "Okota raketi yako."

Kuanzia hapo alirudi kila mara, wakati mwingine amechelewa, wakati mwingine upande usio sahihi, mara mbili wote wawili wakajikuta kulia. Lakini alirudi. Manesi waliendelea kulenga pale ambapo zamani hapakuwa na mtu, na kila mara walipomkuta mtu walishangaa kidogo, na mshangao ni nusu ya kosa. Pigo walilozoea kumalizia nalo sasa lilirudi. Nesi mrefu akaanza kupiga mara tatu, mara nne, kwa pointi moja, na kuruka kuna gharama. Seti ya pili waliichukua mawifi, ishirini na moja kwa kumi na nane, na wifi alipofika kwenye benchi alikunywa maji nusu chupa bila kupumua.

"Miezi minane umeniua bure," alimwambia Fundi.

"Si ulisema mmezoea," Kocha alisema.

Seti ya tatu ndiyo iliyoonyesha ugonjwa mwingine. Nesi mfupi, ambaye hakuwa na nguvu nyingi ila alikuwa na akili, aliacha kupiga kwenye pembe. Akamnong'oneza mwenzake, na kuanzia hapo kila pigo likaja katikati, baina ya mawifi. Hilo ndilo tundu la kusimama sambamba: kila mtu ana nusu yake, lakini mstari wa katikati ni wa nani?

Wifi hakujiuliza. Kwa miezi minane kila kinyoya kilichokuja nyuma kilikuwa chake, na mwili wake haukuwa umesikia kwamba mambo yamebadilika. Alivivamia vyote. Alichukua vya katikati, alichukua na vya Fundi, na alipovuka kwenda kwa Fundi nusu yake mwenyewe ikabaki wazi, nesi mfupi akaweka kinyoya humo kwa upole kama anayemlaza mtoto. Sita kwa nne. Nane kwa tano. Kwenye pointi ya kumi na moja ya manesi, pigo lilikuja katikati, si kali hata, na raketi mbili zikagongana juu yake kwa mlio uliowafanya watu wa uwanja wa pili wageuke. Kinyoya kikaanguka kati ya miguu yao. Kumi na moja kwa saba.

Sekunde sitini za mapumziko, kisha kubadilisha upande. Kocha alitaka kusema, akawatazama, akafunga daftari.

Wifi alikuwa anakagua nyuzi za raketi yake. "Nilikuwa nacho kile."

"Kilikuwa changu."

"Ulichelewa."

"Sikuchelewa. Ulikuja kwangu."

"Nisipokuja nani atakichukua? Wewe umerudi leo, wifi. Leo tu. Nikuachie halafu kikupate tena usoni?"

Ndipo Fundi alipoelewa kwamba siku ile hakuumia mtu mmoja tu. Hakuwa na muda wa kulisema vizuri. Alishika raketi yake kifuani, jasho likimtiririka chini ya miwani.

"Toka kwenye nusu yangu," alisema polepole.

"Unasemaje?"

"Ukinifunika, nitaenda akiba. Kocha ataniandika leo na hutaweza kunifunika tena. Nusu ile ni yangu. Kikinipata, kimenipata. Niachie."

Wifi alimtazama. Macho yakamlainika, akayageuza pembeni.

"Na cha katikati?" aliuliza.

"Sote tunatumia mkono wa kulia," Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa ile ya dukani, ya mtu anayeeleza vipimo. "Aliye kushoto, mkono wake wa kulia uko katikati. Anakichukua yeye. Aliye kulia angekichukua kwa mkono uliogeuka, mgongo wa kiganja ukitangulia. Kwa hiyo cha katikati ni cha aliye kushoto, awe nani."

"Hata akiwa wewe."

"Hata akiwa mimi."

"Haya," wifi akasema. "Lakini ukikikosa nitakusema mpaka kwa kaka yako."

"Utanisema hata nikikipata."

Walirudi uwanjani. Haikuwa rahisi. Mara mbili Fundi aliona kwa pembe ya jicho bega la wifi likianza kuja, kisha likijizuia, kama mtu anayezuia chafya. Kinyoya kimoja cha katikati wakakiachiana wote wawili wakikitazama, na kikaanguka. Wifi akasema, "Karibu, kaa," akakiokota. Lakini cha pili Fundi alikichukua, na cha tatu wifi, kwa kuwa safari hiyo yeye ndiye aliyekuwa kushoto. Wakapumua. Walipopata kinyoya cha kurudisha chini na manesi wakalazimika kuinua, walivunja mstari bila kuambiana: aliyefuatwa na kinyoya alikwenda nyuma kupiga, mwingine akasogea wavuni. Mbele na nyuma, kisha sambamba, kisha mbele na nyuma, kama mlango unaofunguka na kufungwa. Kumi na tatu kwa kumi na mbili. Kumi na saba sawa. Nesi mrefu sasa alikuwa anaegemea magoti kati ya pointi. Fundi naye mapafu yalimwaka, na shavu lilimruka kwa hofu kila mara mpinzani alipoinua mkono. Hofu haikuondoka. Alirudi nayo, ikasimama pale alipokuwa amesimama.

Kumi na tisa sawa. Fundi alidaka kinyoya kidhaifu wavuni, akakisukuma chini. Ishirini kwa kumi na tisa.

Wifi alikuwa na zamu ya kuanzisha. Alisimama kulia, Fundi nyuma yake, na Fundi akagundua kwamba kwa mara ya kwanza asubuhi ile alikuwa nyuma kwenye pointi kubwa na hakuna aliyemwomba wabadilishane. Kinyoya kikapita juu ya wavu kwa upana wa kidole. Nesi mfupi akakisukuma kwa haraka hadi kona ya nyuma kushoto, upande wa mkono uliogeuka. Fundi akakikimbilia, akakifikia kikiwa chini, hakuwa na la kufanya nacho ila kukiinua. Akakiinua kwa nguvu zote za mkono wake, juu na mbali, mpaka mstari wa mwisho wa manesi. Hakikuwa kifupi.

Wifi akakiona kikipanda. Akarudi moja kwa moja kwenda kulia, bila kugeuza kichwa. Fundi akakimbilia katikati ya nusu ya kushoto. Sambamba. Nesi mrefu alikuwa chini ya kinyoya, mkono wa kushoto umeelekezwa juu, mwili umekunjwa kama upinde. Fundi aliuona uso wa raketi. Magoti yakataka kumpeleka mbele, wavuni, mahali pa kuchuchumaa. Akayakataa.

Pigo likaja katikati.

Bega la wifi halikusogea hata kidogo.

Fundi hakulipiga. Alilegeza vidole na kuacha kinyoya kigonge nyuzi, kikapoteza nguvu, kikavuka wavu na kuteremka upande wa pili karibu kabisa na wavu. Akakifuata papo hapo kwenda mbele, na wifi akazunguka nyuma yake kushika uwanja wote wa nyuma. Nesi mfupi alikifikia akiwa amejinyoosha, hakuwa na njia nyingine, akakiinua, kifupi. Wifi akapiga chini. Nesi mrefu akakizuia kikarudi chepesi, kikielea juu kidogo ya wavu, na mbele ya wavu palikuwa na mtu. Fundi alikigusa tu, kama anavyogusa lenzi kuitoa vumbi. Kikaanguka kwa manesi na kulala.

Ishirini na moja kwa kumi na tisa. Kisha wifi akakaa chini pale pale sakafuni, miguu ameinyoosha, na kuanza kucheka kicheko cha mtu aliyechoka mpaka mifupa.

Manesi walikuja wavuni kutoa mkono. Nesi mrefu alikuwa na macho mekundu, lakini alimshika Fundi mkono kwa mikono yote miwili. "Mama, seti ya kwanza tulijua ulipo. Baadaye tukawa hatujui."

"Hata mimi nilikuwa sijui," Fundi alisema.

Kocha aliketi kwenye benchi, akafungua daftari, akaandika kwenye mstari wa nne, Fundi kwanza, kisha wifi. Akaupuliza wino.

"Mmepoteza kumi na tisa seti hii," alisema. "Baada ya kuinua, nane. Nane ni nyingi. Jumatano mnakuja nusu saa kabla ya wengine, mnasimama sambamba, na mimi nawapigia chini mpaka mseme basi."

"Sote wawili?" wifi aliuliza kutoka sakafuni.

"Nyote wawili."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa chake, akaivaa tena. Alimpa wifi yake mkono kumwinua.

"Jumatano naanza kushoto," alisema.

"Nani kakupangia?" wifi akasema, akisimama. "Tutarusha kinyoya, kitachagua chenyewe."